Hatua Nne Hadi Kwenye Sofa

Mama alipohamia kwangu Vingunguti, presha ya macho ilikuwa imeshamwachia uoni mdogo wa mbele tu. Sebule yangu wakati huo ilikuwa kuta nyeupe, vigae vyeupe, sofa nyeupe ya miguu myembamba na meza ya kioo. Mimi niliiona imetulia. Yeye aliona ukungu.

Hata hivyo alishaikariri. Hatua nne kutoka mlangoni hadi kwenye sofa, mbili hadi kabatini, tatu hadi mlango wa chumba chake. Kwa hiyo nilipoamua kuweka samani za mbao za nakshi, sharti lilikuwa moja: kila kitu kisimame palepale.

Nilikwenda Keko na vipimo vya samani za zamani. Sofa ilikuwa na urefu wa sentimita 180 na kina cha 80. Fundi akanikumbusha kwamba kipimo huanzia kwenye ncha ya nakshi, si kwenye kikalio. "Ua likitokeza sentimita tatu kila upande, njia imepungua, dada." Tukakubaliana nakshi ichimbwe ndani ya mbao, isitokeze nje, na kina chake kisizidi nusu sentimita. Nakshi ya kina kirefu hupendeza mlangoni, lakini kwenye mkono wa kiti hukwaruza ngozi na kujaza vumbi.

Tulichagua mninga, kwa kuwa ukishakauka hauchezicheza sana. Shida ni hilo neno "ukishakauka". Fundi alikata kipande, akakipima kwenye mizani ya duka la jirani, akakiacha kivulini wiki mbili, kisha akakipima tena. Uzito ulikuwa umeshuka, maana yake maji bado yanatoka. Kiti cha mbao mbichi huonekana kizima siku unapokipokea. Baadaye viungo hulegea na nyufa huanza. Tulisubiri hadi mizani ilipotoa uzito uleule mara mbili.

Rangi ya kahawia nyekundu ya mninga juu ya vigae vyeupe ilifanya jambo ambalo taa haikuweza: ukingo wa kila kiti ukaonekana. Uzito nao ulisaidia. Viti vyangu vyepesi vilikuwa vikiteleza mama akiviegemea, hivi havisogei. Meza ya kioo niliibadilisha kwa ya mbao yenye kona za mviringo, na taa ya mwanga wa buluu kwa ya manjano. Ukuta niliupaka rangi ya maziwa.

Kila mkono wa kiti una alama yake, kutoka michoro ya milango ya Unguja: mnyororo, waridi, samaki. Kila Jumamosi napitisha brashi kavu ya rangi kwenye mifereji, kwani vumbi la mtaa wetu halina likizo.

Siku hizi mgeni akiingia, mama ndiye humwonyesha pa kukaa. "Pita, mwanangu. Kaa hapo kwenye waridi. Kwenye samaki ni pangu."