Kazi Inayohesabiwa kwa Tarehe

Nimezaliwa na selimundu, na maisha yangu ya kazi yamegawanyika mara mbili: miaka ya kufanya kazi za saa na miaka ya kufanya kazi za tarehe. Nilianzia kwenye ghala la kiwanda kimoja Kibaha, kwa zamu. Zamu ya usiku ndiyo iliyonishinda. Baridi ya alfajiri, kusahau kunywa maji na kusimama muda mrefu huzifanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yakishika mapaja na kiuno, hata kuvua viatu ni kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilinisaidia kwa kiasi. Daktari aliandika kwamba sifai kazi za usiku, na kwa cheti hicho mwajiri anapaswa kukuhamishia mchana. Lakini likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa aliyevunjika mguu zinatosha. Kwa ugonjwa unaorudi kila baada ya muda, unakuta umeshaingia kwenye nusu mshahara na mzunguko haujafika mwisho. Kuhusu kupangiwa saa zinazobadilika, hapo kila kitu ni makubaliano yenu wawili.

Nikasoma utunzaji wa hesabu, na nilipoanza kutafuta kazi upya niliuliza kila mahali jambo moja: hapa mtu anadaiwa kuwepo, au anadaiwa kitu kikamilike siku fulani?

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho huko Kisarawe kilitaka karani wa msimu. Malipo yalikuwa mazuri na watu wake waungwana. Lakini korosho ikianza kushuka, mkulima anasubiri mzigo wake upimwe na stakabadhi iandikwe palepale, na karani hawezi kusema kesho. Niliikataa kazi ile kwa moyo mzito.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mailimoja, alihitaji mtu wa vitabu. Hapo hesabu ilikaa vizuri. Kodi ya mishahara hupelekwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na ritani ya VAT ni tarehe 20. Mishahara ya duka inajulikana kabla ya mwezi kufika mwisho, kwa hiyo naweza kuiandaa mapema. Risiti za manunuzi naziingiza kila wiki, hivyo VAT naweza kuifunga tarehe 13. Pande zote mbili inabaki wiki nzima ya akiba, na maumivu yangu kwa kawaida hayazidi hapo.

Ugonjwa sikuuweka kwenye barua ya maombi, kwa sababu mtu asiyeijua kazi yako ataona ugonjwa tu. Sikusubiri pia hadi nisaini, maana hapo mwajiri angeona amefichwa. Nilimwambia aliponikubali, kabla ya mkataba, na nilizungumza zaidi kuhusu kazi kuliko damu.

"Mama, nina selimundu. Kuna siku nitaumwa ghafla. Naomba nije dukani Jumanne na Alhamisi, siku nyingine nifanyie nyumbani, na mpwa wako nimfundishe kutuma ritani."

"Na ukilazwa tarehe 19, mwanangu?"

"Itakuwa imeshatumwa. Isipotumwa, mpwa wako ataikuta tayari kwenye faili."

Alifurahi swali lake kujibiwa, nami nilifurahi kwa sababu aliuliza. Mwajiri ninayemwogopa ni yule anayesema, "Wewe njoo muda wowote, hapa hatuna shida," bila kuuliza chochote. Niliwahi kufanya kazi kwa mtu wa namna hiyo. Muda wowote ulikuwa wake: simu saa nne usiku, Jumapili asubuhi, na siku niliyolala na dripu. Ndiyo maana siku hizi huuliza kwenye usaili, "Mtu wa kazi hii akiugua, nani hushika?" Wakitaja jina mara moja, nakaa tuzungumze. Wakitazamana, najua mzigo wote utakuwa kichwani kwangu.

Baadaye watu wengine wenye maduka walitaka niwashikie vitabu kwa malipo ya kila kazi, na fedha ingekuwa nyingi zaidi. Niliwachukua wachache tu. Anayelipwa kwa kazi, bila kuajiriwa, hana likizo ya ugonjwa, na michango ya NSSF na bima ya afya anabeba mwenyewe. Kwa Mama nilibaki na mkataba wa ajira, mshahara mdogo kuliko wa siku zote za wiki, na siku zangu mbili zimeandikwa ndani yake, pamoja na jina la mpwa wake kama mshika nafasi.