Wezi Walikamatwa: Kijineno "Se" katika Kihispania

Wewe unayejifunza Kiswahili umekwisha kuuonja wepesi wa kauli yetu ya kutendwa. Kiambishi kimoja hutosha: polisi waliwakamata wezi, wezi walikamatwa. Nilipoanza kusoma Kihispania nilimtafuta mwenzake, nikakutana na kitenzi ser: Los ladrones fueron detenidos. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini ni ya magazeti na ya mahakama. Sokoni na majumbani huisikii mara nyingi, kwa maana kazi yake hufanywa na kijineno se.

Bango la kuuza nyumba husema Se vende casa. Zikiwa nyingi, Se venden casas. Kitenzi kimefuata wingi wa nyumba, kama tusemavyo "inauzwa" na "zinauzwa". Vivyo hivyo, kifungu cha 20 cha Katiba ya Uhispania ya mwaka 1978 huanza kwa se reconocen, yaani zinatambuliwa, kwa kuwa haki zinazofuata ni nyingi. Anayezitambua hatajwi. Hiyo ndiyo se ya kutendwa.

Sasa turudi kwa wezi wetu. Ukisema Los ladrones se detuvieron, Mhispania ataelewa kwamba wezi walisimama wenyewe, kwani se hiyohiyo hurudisha tendo kwa mtendaji. Nyumba haiwezi kujiuza, ila mtu aweza kusimama kwa hiari yake. Ndiyo maana utata huzuka hasa kiima kinapokuwa mtu. Lugha ikajitafutia njia nyingine: Se detuvo a los ladrones. Kihusishi a kimewafanya wezi kuwa yambwa, na kitenzi kimebaki katika umoja ingawa wao ni wengi, kwa sababu sentensi haina tena kiima. Hii ndiyo se isiyo na nafsi. Hukubali hata kitenzi kisichokuwa na yambwa: Aquí se vive bien, hapa watu huishi vizuri. Ukiona mtu ameandika se detuvieron a los ladrones, jua amezichanganya njia mbili.

Utauliza, je, mtendaji akijulikana? Hapo sisi husema "wezi walikamatwa na polisi" bila kusita. Mhispania akizungumza husema A los ladrones los detuvo la policía: wezi wametangulia, polisi wamekuja mwisho, na kitenzi ni cha kutenda. Mpangilio wa maneno ukiwa huru kiasi hicho, ser hubaki na kazi chache, kwa mfano habari rasmi kwamba sheria fulani ilipitishwa na bunge.

Tena ser ina mpaka ambao Kiswahili hakiujui. Wewe husema "nilipewa kitabu", na mpokeaji akawa kiima. Kwa ser jambo hilo haliwezekani kabisa. Mhispania atasema Me dieron un libro, "walinipa kitabu", wala hutamwuliza ni akina nani hao, kwa maana huenda aliyetoa alikuwa mtu mmoja tu.