Wembamba si Uchache: Dawa ya Ukurutu na Kipimo cha Kidole cha Shahada

Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwani kosa hilo lilimtesa mtoto mdogo kwa miezi minane, na twachelea kuwa limo katika nyumba nyingine nyingi pia.

Twasomesha watoto katika mji wa Leicester, Uingereza, ambako wamekaa jamaa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Elimu yetu ni ya chuoni na ya shule ya msingi tu. Kiingereza chetu tumekiokota madukani na ndani ya mabasi. Lakini wazazi, khasa akina mama waliofika karibuni, hutuletea barua na karatasi zao tuwasomee, nasi huona haya kusema kuwa hatujui. Ndivyo alivyotujia mama mmoja mwenyeji wa Mombasa. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa na ukurutu, maradhi ambayo wengi huyaita pumu ya ngozi. Daktari alimpa kopo kubwa la mafuta ya kulainisha ngozi, na tyubu ya gramu 30 ya krimu ya kupaka penye ukurutu wenyewe. Juu ya tyubu hiyo palibandikwa maneno machache. Tukayasoma, tukamwambia, "Mwanangu, wanasema upake kidogo."

Maneno yale hayakusema hivyo. Yalisema krimu itandazwe nyembamba. Wembamba ni sifa ya jinsi inavyoenea juu ya ngozi, isirundikane kama siagi juu ya mkate. Si amri ya kutoa chembe moja ya kutosheleza mwili mzima. Sisi tulitia uchache mahali pa wembamba, na yule mama akatutii.

Naye alikuwa tayari kututii, kwa sababu alikuwa na hofu yake. Kwenye tyubu aliliona jina klobetasoni, nalo kwa jicho la haraka ni kama klobetasoli, ambayo wanawake wa kwetu waijua sana: ni krimu kali inayouzwa madukani kwa siri na kwa dhahiri ili kujichubua, na watu huichanganya katika mkorogo. Yeye mwenyewe alimjua jamaa yake ambaye uso wake uliharibika kwa krimu hizo. Basi kila usiku alikuwa akitoa punje iliyo sawa na punje ya mchele, akaigawa kwenye viwiko viwili na nyuma ya magoti mawili, na akifika kwenye goti la pili kidole kimekwisha kukauka.

Mtoto hakupona. Chuoni alikuwa hatulii mkekani. Mkono mmoja juu ya juzuu na mwingine chini ya kanzu unakuna. Wakati mwingine tuliona alama za damu kwenye mikono ya kanzu. Mama akasema dawa ya Wazungu haifai, nasi, Mungu atusamehe, tukaitikia.

Baada ya miezi minane walipelekwa kwenye kliniki ya ngozi, na huko muuguzi akawapa karatasi ya maelezo yenye picha. Safari hii hatukujitumaini. Tulimwita kijana aliyesoma kwetu zamani, ambaye sasa ni mfamasia, tukaisoma pamoja sentensi kwa sentensi, na mama yuko mbele yetu. Tulipofika kwenye picha ya kidole ndipo tulipojua tulivyokosea.

Kipimo chenyewe ni hiki. Chukua kidole cha shahada cha mtu mzima, si cha mtoto. Binya tyubu yenye mdomo wa kawaida wa milimita 5, uweke mstari wa krimu tangu nchani mwa kidole hadi kwenye kunjo la kwanza, yaani urefu wa pingili moja. Mstari huo ndio kipimo kimoja, na uzani wake ni karibu nusu gramu. Nao watosha kupaka mahali penye ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake, vikiwa vimelazwa bapa na vidole vimebanwa. Madaktari wa Cardiff, Long na Finlay, ndio walioueleza ulimwengu kipimo hiki mwaka 1991, na twaona walifanya jambo la akili sana, kwani hapana nyumba isiyokuwa na kidole.

Karatasi ilikuwa na jedwali. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, mkono mzima pamoja na kiganja wahitaji vipimo viwili, na mguu mzima pamoja na wayo wahitaji vitatu. Mama alipoyasikia hayo alishtuka. "Maalim, hizo ni dawa za ng'ombe!" Tukamwambia hesabu hiyo ni ya kiungo kilichoshikwa chote, mwanawe hakushikwa hivyo. Tukamwomba apime kwa mkono wake. Akaweka kiganja kwenye viwiko: viwili kwa pamoja vilifika ukubwa wa kiganja kimoja. Nyuma ya kila goti, pamoja na sehemu ya juu ya shavu la mguu, palienea kiganja kizima. Jumla ni viganja vitatu, yaani kipimo kimoja na nusu, na daktari aliandika kupaka mara moja kwa siku. Uzani wake haufiki hata gramu moja.

Kisha mfamasia akaishika ile tyubu ya zamani, akaipindua, akaicheka. Tyubu ya gramu 30 ina vipimo 60. Kwa kipimo kimoja na nusu kila siku ingekwisha kwa siku 40. Ile ilikuwa imepakwa miezi minane na hata nusu yake haijafika. "Tyubu hii yenyewe ni shahidi," alisema. Na kopo la mafuta nalo lilikuwa shahidi wa pili: gramu 500 zilichukua miezi miwili, ilhali mtoto mwenye maradhi haya aweza kuhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki moja. Mafuta hayo hupakwa mwili mzima kila siku, hata siku ambazo ngozi ni njema, kwa kuyateremsha kufuata malaika ya mwili bila ya kusugua. Krimu ya dawa hupakwa penye ukurutu tu. Na baina ya mafuta na krimu huachwa muda ili cha kwanza kinywewe na ngozi. Karatasi yetu ilisema nusu saa. Mama mwenye watoto wanne aliuliza nusu hiyo ataipata wapi. Mfamasia akamjibu apake kimoja kabla ya chakula cha usiku na kingine wakati wa kulala.

Juu ya hofu ya kujichubua, alimweleza hivi. Krimu hizi zina steroidi, nazo zina daraja nne za ukali. Klobetasoli i katika daraja ya juu kabisa. Klobetasoni aliyopewa mtoto ni ya daraja ya pili kutoka chini. Na kwa uso alipewa nyingine dhaifu zaidi, haidrokotizoni ya asilimia 1. Ngozi hudhurika na kuwa nyembamba pale krimu kali inapopakwa muda mrefu bila ya kuangaliwa na daktari, na zaidi mahali laini kama usoni, kwapani na kinenani. Kwa hiyo tyubu ya magotini isihamishwe usoni kwa kuwa ile ya uso imekwisha. Tuliandika juu ya vifuniko kwa kalamu ya wino, USO na MIGUU, na twaona kazi ile ndogo ilikuwa na manufaa kuliko maneno yetu mengi.

Sasa khabari ya kuripuka. Ukurutu hauondoki ukaisha. Hutulia, kisha huripuka tena. Karatasi ya kliniki ilisema mzazi atazame wekundu. Wekundu huo kwenye ngozi ya mtoto wetu mweusi hauonekani! Hapo ndipo mama alipokuwa akichelewa kila mara, akingoja rangi asiyoweza kuiona. Ngozi yetu inaporipuka huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, au ya kijivu. Aliye bora kuliko jicho ni mkono: pitisha nyuma ya kiganja, na ukihisi joto, ukwaruzo na vipele vidogo, na mtoto anajikuna, basi anza krimu siku hiyo hiyo. Endelea mpaka mwasho na ukwaruzo viondoke, kisha uongeze siku mbili, kwani anayeacha siku ya kwanza ya nafuu huona moto ukiwaka tena chini ya majivu. Na ikiwa ngozi imekuwa laini lakini limebaki doa, jeusi au jeupe, hilo ni alama ya ukurutu uliopita. Halikuletwa na krimu, wala haliondolewi kwa krimu. Hufifia lenyewe kwa miezi.

Yako mambo ambayo kidole hakiyatibu. Ngozi ikitoa maji, ikifanya magamba ya manjano au usaha, na mtoto ana homa, hayo ni maambukizo na ni kazi ya daktari. Na yakitokea malengelenge madogo yaliyofanana, yamekusanyika pamoja, yanauma kuliko kuwasha, yakipasuka yanaacha vishimo, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Hicho ni kirusi kile kile cha vidonda vya midomoni, nacho juu ya ukurutu ni hatari. Tena mafuta yaliyoingia katika nguo na mashuka hushika moto upesi hata baada ya kufuliwa. Tulimwambia mama chetezo cha udi kisikae karibu na kitanda cha mtoto yule.

Alianza usiku ule ule. Mnamo siku ya nne mtoto alilala hadi alfajiri, na siku ya tisa mama alipitisha mkono nyuma ya magoti asikute kitu. Akapaka siku mbili nyingine, akaacha. Majira ya baridi yalipofika na nyumba zikawashwa joto, ukurutu uliripuka tena kwenye kiwiko cha kushoto. Hakutujia. Tulipata khabari kwa mtoto mwenyewe, aliyekuja chuoni akatunyoshea kidole chake cha shahada, akatuambia cha kwake ni kifupi mno, ni lazima kitumike cha mama.