Jina la mtoto lina ritifaa, mfumo umelikataa: ufanyeje?

Mkoani Songwe, kuanzia Vwawa hadi Tunduma, jina kama Mwang'ombe halimshangazi mtu. Mwalimu analiita vizuri, karani wa kijiji analiandika vizuri. Taabu huanza siku linapotakiwa kuingia kwenye fomu ya mtandaoni.

Mama mmoja wa Tunduma, muuza mchele, alikwenda steshenari na binti yake kujaza maombi ya chuo. Jina la ukoo lilipoandikwa kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, maandishi mekundu yakatokea: `Invalid characters`. Kijana wa steshenari hakusita. "Mama, tuweke nafasi tu hapo katikati, itakubali." Kweli, ikakubali. Lakini ulipofika ukurasa wa kuhakiki, Mwang lilikuwa limekaa kama jina la kati, na jina la ukoo lilikuwa Ombe. Mama akauliza, "Mwanangu, huyu Ombe ni nani? Kwetu hayupo."

Swali lake lilikuwa la msingi. Kwa kompyuta, nafasi ni mpaka wa majina: kabla yake kuna jina moja, baada yake kuna jingine. Mtoto anayeingizwa kama Ombe anaweza kutafutwa baadaye kwa jina la cheti chake asionekane, na huenda hilo likagundulika wakati siku ya mwisho ya maombi imeshapita.

Kwa nini mfumo ukatae alama ndogo hivyo? Mara nyingi aliyeutengeneza aliruhusu herufi A hadi Z tu. Isitoshe, katika lugha ya hifadhidata alama hiyohiyo hutumika kufungua na kufunga maneno, kwa hiyo mfumo usiotengenezwa kwa uangalifu unaweza kudhani jina limeishia kwenye Mwang. Baadhi ya watengenezaji huona rahisi kuizuia kabisa.

Hatua ya kwanza ni kuangalia ni ritifaa ipi imeandikwa. Zipo mbili zinazofanana machoni: iliyonyooka (') na iliyopinda (’). Mfumo unaweza kuikubali ya kwanza na kuikataa ya pili. Simu ya iPhone huipindisha yenyewe; ili iache, fungua `Settings`, kisha `General`, kisha `Keyboard`, uzime `Smart Punctuation`. Jina lililonakiliwa kutoka kwenye ujumbe au waraka huja na alama yake, kwa hiyo ni salama zaidi kuliandika upya kwa mkono.

Ikikataliwa hata iliyonyooka, ondoa ritifaa na uunganishe herufi: Mwangombe. Usiweke nafasi, kistari wala alama nyingine mahali pake. Hivi ndivyo zinavyofanya pasipoti duniani kote. Katika ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, zinataka ritifaa iachwe na herufi ziungane, yaani `MWANGOMBE`. Kistari hakifuati njia hiyo. Jina kama Asha-Rose huandikwa pale `ASHA<ROSE`, na alama `<` ndiyo nafasi. Kwa hiyo mfumo ukikataa kistari, weka nafasi. Ukikataa ritifaa, unganisha. Herufi yenye alama juu, kama ya mwisho katika André, huandikwa bila alama: Andre.

Kimatamshi, kuna kinachopotea. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikamana, ngoa ni wivu. Lakini hayo ni ya fomu tu. Kwenye cheti na kwenye daftari la shule jina libaki na ritifaa yake.

Yule mama alimwambia kijana afute, aandike Mwangombe, kisha akasoma ukurasa wa kuhakiki herufi kwa herufi, cheti kikiwa mkononi. Ndipo akaruhusu fomu itumwe, akachapisha nakala, na juu yake akaandika kwa kalamu jina lilivyoingizwa. Kila fomu itakayofuata na kukataa ritifaa, binti ataandika hivyohivyo.

Kama fomu ilishatumwa na kosa, omba marekebisho kabla dirisha la maombi halijafungwa. Likishafungwa, wakili anaweza kuandaa hati ya kiapo inayoeleza kwamba Mwang'ombe na Mwang Ombe ni mtu mmoja. Kiapo hicho hueleza tofauti tu, hakibadilishi kilichomo kwenye mfumo, na kila ofisi inaweza kudai kukiona upya. Kwa hiyo weka nakala yake pamoja na cheti cha kuzaliwa.