Utambulisho wa Nusu Dakika na Swali Linaloufuata

Aghalabu mwanafunzi anapoambiwa ajitambulishe kwa nusu dakika, hudhani kwamba ametakiwa kufupisha maisha yake. Hukusanya jina, mahali alikozaliwa, masomo, uraibu na ndoto zake, akavibana vyote katika muda ule mfupi, kisha akashangaa kwamba alipomaliza waliomsikiliza walipiga makofi na kumgeukia mwenzake. Makofi hayo si dalili njema. Utambulisho wa nusu dakika hautimizi kazi yake unaposifiwa. Huitimiza pale msikilizaji anapouliza swali.

Mfano mmoja utatosha kulieleza jambo hili. Palikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, msomi wa Kiswahili na isimu, aliyekuwa akitafuta nafasi ya mafunzo ya kazini katika likizo ndefu. Idara yao iliwaalika wahariri wachache waje kukutana na wanafunzi. Kila mwanafunzi angepewa nusu dakika ya kujieleza mbele ya mhariri, na baada ya hapo mhariri angekuwa huru kuzungumza naye au kumwita anayefuata. Mwanafunzi huyu hakuwa na jamaa wala rafiki katika uchapishaji. Nusu dakika hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake pekee.

Siku kumi kabla ya mkutano, aliandika utambulisho wake wa kwanza. Ulikuwa hivi:

"Hamjambo mabibi na mabwana. Kwa majina ninaitwa fulani wa fulani. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu ninayesomea Kiswahili na isimu. Mimi ni mtu mwenye bidii, mwaminifu na anayependa kushirikiana na wenzake. Nina uwezo mkubwa wa mawasiliano na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Uraibu wangu ni kusoma vitabu, kusafiri na kutazama kandanda. Lengo langu ni kukikuza Kiswahili nchini na ulimwenguni. Asanteni kwa kunisikiliza."

Aliukariri neno kwa neno, akamsomea mwenzake wa chumbani. Mwenzake alisema, "Vizuri sana," kisha akarudi kwenye kitabu chake. Jibu hilo lilimtia mashaka. Usiku ule aliurekodi kwa simu, akausikiliza akiwa peke yake, na hapo akatambua mambo mawili.

La kwanza lilihusu sauti. Kila sentensi ilipanda na kushuka kwa kiimbo kimoja, mithili ya watoto wa shule ya msingi wanaotamka hesabu za kuzidisha. Chanzo cha hali hii si woga peke yake. Mtu anapozungumza, hulitafuta neno, na kule kulitafuta ndiko kunakompa vituo na mwendo usiolingana: hapa ataharakisha, pale atasita. Anapokariri, neno lipo tayari, hivyo kinachobaki ni kulitoa tu. Isitoshe, sentensi zake zilikuwa za maandishi. Hakuna amwambiaye jirani yake, "Mimi ni mtu anayependa kushirikiana na wenzake." Msikilizaji huzitambua sentensi za namna hiyo upesi, naye huacha kusikiliza maana, akangojea mwisho.

La pili lilihusu maudhui. Aliipitia kila sentensi akijiuliza ni swali gani ambalo mtu angeweza kuliuliza baada yake. Alipofika kwenye bidii na uaminifu hakuliona swali lolote, kwa kuwa sifa ambayo kila mtu hujipa haina la kuulizwa. Alipofika kwenye lengo la kukikuza Kiswahili hakuliona pia, kwa sababu neno lile lilikuwa pana mno. Maneno 63 yalikuwa yamepita, na hayakuwa yametaja kitu hata kimoja alichowahi kukifanya.

Hapo ndipo alipobadilisha njia. Badala ya kutafuta maneno mazuri zaidi, alitafuta kazi moja. Aliorodhesha mambo aliyoyatenda kwa mikono yake katika mwaka uliopita, kisha akachagua lile ambalo watu walikuwa wakimuuliza habari zake bila yeye kuwashawishi. Lilikuwa jambo dogo. Nyumbani kwao alikuwa ameiona bahasha ya dawa iliyoandikwa kwamba mgonjwa ameze tembe moja kila saa nane. Aliyeandika alikusudia kwamba kati ya tembe moja na nyingine zipite saa nane, yaani mgonjwa ameze tatu kwa siku: tuseme saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Lakini katika Kiswahili saa nane ni muda na pia ni wakati. Mtu anaweza kuyasoma maneno yale yale akaelewa kwamba kila siku, saa ilipo nane ya mchana, anywe tembe yake moja, basi. Mwanafunzi huyu alikuwa amewauliza majirani watano wangeimeza dawa ile saa ngapi, na majibu yao yalitofautiana.

Utambulisho wake wa pili ulisimama juu ya kazi hiyo peke yake:

"Hamjambo. Mimi ni fulani, mwaka wa tatu, nasoma Kiswahili na isimu. Nyumbani kwetu nilisoma bahasha ndogo ya dawa: 'Meza tembe moja kila saa nane.' Nikawauliza majirani watano wataimeza saa ngapi. Sikupata jibu moja. Tangu hapo nakusanya maagizo ya dawa na kuyaandika upya, kisha nawarudishia watu wale wale wayasome. Natafuta mhariri wa vitabu vya afya atakayeniruhusu kuketi karibu naye miezi mitatu."

Urefu wake haukupishana sana na ule wa kwanza. Maneno ya Kiswahili yana silabi nyingi, na kwa mwendo wa utulivu wenye vituo, nusu dakika huchukua maneno yapatayo 60. Anayejaribu kusema 90 hapati muda wa kupumua, na asiyepumua husikika kama anayekariri hata kama hakukariri.

Tofauti ilikuwa katika kile kilichoachwa nje. Majirani walijibu nini? Maagizo yaliandikwaje upya? Walipoyasoma mara ya pili, walielewa? Kila moja ya sentensi za katikati ilieleza jambo kamili, lakini ilisimama hatua moja kabla ya matokeo. Yafaa hapa kutofautisha utambulisho na kitendawili. Mtegaji huficha kitu chenyewe ili anayetegewa ahangaike kukitafuta, na akishindwa atoe mji. Anayejitambulisha hapaswi kuficha. Angesema, "Nilisoma maneno matatu yaliyobadilisha maisha yangu," mhariri angehisi anachezewa, na swali ambalo angeuliza lingekuwa la kukata mchezo. Msikilizaji anahitaji kukiona kitu kwa ukamilifu ndipo atamani kujua kilikoishia.

Lilibaki tatizo la kukariri, kwani maandishi mapya nayo yangeweza kugeuka wimbo. Mwanafunzi alikariri sentensi mbili tu: ya kwanza, kwa kuwa woga huwa mkali mtu anapoanza, na ya mwisho, ili asitangetange akitafuta pa kumalizia. Ya katikati aliyaandika kwenye kipande cha karatasi kwa maneno matatu: bahasha, majirani, kuandika upya. Kisha aliyasimulia mara sita, kila mara kwa maneno tofauti, akijipima kwa saa ya simu. Mara ya kwanza alitumia sekunde 50. Aliona kwamba alikuwa akieleza bahasha ilitoka wapi na nani alikuwa mgonjwa. Aliyaondoa hayo, akayaweka kando yawe majibu.

Baadaye alimwomba mwenzake amkatize. Hiki ndicho kipimo cha hakika cha utambulisho uliokaririwa. Aliyekariri akikatizwa katikati kwa neno lolote, hata "Samahani, umesema mwaka wa ngapi?", hulazimika kurudi mwanzo au kubabaika, maana maneno yake yameshikana kama shanga uzini. Aliyeshika mambo hujibu, akaendelea kutoka pale alipo. Siku ya kwanza mwanafunzi alibabaika. Siku ya tatu alijibu akaendelea.

Mwisho aliwatafuta watu watatu wasioijua kazi yake, mmoja wao mwanafunzi wa uhandisi, akawaambia utambulisho ule bila kuwaomba maoni. Alinyamaza tu, akasikiliza watasema nini. Maneno ya mtu baada ya utambulisho ni ya aina tatu. Akisema "Vizuri," utambulisho umejifunga. Akiuliza, "Kwa hivyo wewe unasomea udaktari?" basi kuna jambo halikueleweka, na hilo ni swali la kurekebisha, si la kuendeleza. Akiuliza, "Walikujibuje?" njia imefunguka. Wawili waliuliza walivyojibu majirani. Yule wa uhandisi aliuliza kama alikuwa akifanya kazi hospitalini, na kutokana na hilo mwanafunzi akajua kwamba hapana budi maneno "Kiswahili na isimu" yatamkwe taratibu, si kupitishwa mbio kama kawaida inavyofanywa.

Kwa kila swali alilolitarajia, aliandaa jibu la sentensi mbili au tatu. Anayeamsha swali asilo na jibu lake hupoteza zaidi ya yule ambaye hakuulizwa kitu. Sentensi ya kudai kwamba alikuwa akiyaandika maagizo upya ilimtaka awe na angalau agizo moja kichwani, nalo lilikuwa hili: "Meza tembe moja asubuhi, moja mchana, moja usiku."

Njia hii ina mipaka. Panapokuwa na wageni mia moja na hakuna nafasi ya maswali, kumwachia msikilizaji njaa ni bure. Hapo ni heri kutaja jina na haja kwa uwazi, kisha kuketi. Na mbele ya wazee, salamu hupewa muda wake kwanza. Nusu dakika huanza kuhesabiwa baada ya shikamoo kuitikiwa.

Siku ya mkutano, mhariri aliyeketi mbele ya mwanafunzi huyu alisikiliza hadi mwisho, akauliza majirani walisema nini. Aliposikia jibu, alilitazama lile agizo jipya akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Asubuhi ya nani? Mlinzi wa usiku akirudi nyumbani kulala alfajiri, asubuhi yake ni ipi?" Mwanafunzi alifikiri kwa muda, akasema, "Huyo sikumuuliza. Nina jirani mlinzi. Nitamuuliza wiki hii." Mhariri aliandika anwani yake kwenye karatasi, akamwambia amletee jibu la mlinzi.