Mtumwa Asiyesamehe na Majibu Manne

Mtumwa wa kwanza alidaiwa na mfalme talanta ngapi? Katika miaka ya tisini, mtoto wa darasa la nane karibu na Runyenjes, Embu, alilijibu swali hilo kabla mwalimu hajamaliza kulisoma. Elfu kumi. Na yule mtumwa mwenzake alidaiwa nini? Dinari mia. Petro alitaka kujua asamehe mara ngapi? Watoto walikuwa wameusikia mfano huo wa Mathayo 18 kanisani kwa Kiembu, wakausoma darasani kwa Kiingereza, na nambari zake zilikuwa zimewakaa kichwani kama jedwali la kuzidisha.

Mwalimu wao wa dini ni mwanamke ambaye sasa amestaafu. Zamani hizo alikuwa mmoja wa walimu waliotunga mitihani ya moki ya zoni yao. KCPE ilikuwa imeanza mwaka 1985, na ndani ya karatasi yake moja mlikuwa na maswali ya dini: Wakristo yao, Waislamu yao, Wahindu yao. Kila swali lilikuwa na majibu manne, A hadi D, na mtoto alichagua moja kwa penseli. Walimu wa moki waliiga sura hiyo. Mtu alifungua Biblia, akatafuta jina, nambari au mji, akaandika jibu sahihi, kisha akaokota majina mengine matatu ya kulizunguka. Msafiri wa mfano wa Msamaria alikuwa akitoka Yerusalemu kwenda wapi? Yeriko, Nazareti, Kapernaumu au Damasko? Karatasi nzima ya mifano ya Yesu ilitungwa jioni moja.

Siku moja mwalimu huyo aliwauliza wanafunzi jambo ambalo halikuwa kwenye mtihani wowote: deni la kwanza lilizidi la pili mara ngapi? Darasa likagawanya elfu kumi kwa mia, likajibu mara mia moja. Hesabu ilikuwa safi, ila mfano wenyewe ulikuwa umepotea. Talanta na dinari ni vipimo viwili tofauti. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000 hivi. Talanta elfu kumi, basi, ni dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulilipa deni hilo. Dinari mia angezilipa kwa muda wa miezi mitatu au minne. Deni moja halilipiki kamwe, la pili linalipika, na tofauti kati yao ni mara 600,000. Mfano umesimama juu ya pengo hilo. Watoto walizishika nambari zote mbili barabara, na bado hawakuwa wameliona.

Kuanzia hapo utungaji wake ulibadilika, ingawa si kwa hatua moja.

Kwanza alifanya walichokuwa wakifanya walimu wengi waliochoka na nambari: aliuliza funzo. Mfano wa mtumwa asiyesamehe unatufundisha nini? A, tusameheane. Swali la namna hiyo huonekana la kina, lakini kila daftari la dini lilikuwa na orodha ya mafunzo ya kila mfano, imenakiliwa ubaoni na kupigiwa mstari. Mtoto aliyekariri kwamba mfano huu ni kusamehe, ule wa Msamaria ni kupenda jirani, na ule wa wanawali kumi ni kuwa tayari, alipata alama zote. Alichokariri kilikuwa kimehama tu kutoka kwenye Biblia kwenda kwenye daftari.

Kisha akajaribu visa vya maisha. Mwanafunzi amesamehewa na mwalimu wake. Baadaye mwenzake anamkosea. Afanye nini? A, ampige. B, amnunie. C, amsamehe. D, amtukane. Wenzake wa zoni waliupenda mtindo huo. Yeye alikuwa na wasiwasi, na akautafutia kipimo rahisi. Alichukua maswali hayo, akaondoa jina la mfano, akawapa watoto wa darasa la nne waliokuwa hawajafundishwa mfano wenyewe. Wakayajibu vizuri sana. Swali ambalo mtu asiyeujua mfano analijibu sawa na anayeujua halipimi mfano. Hili lilipima adabu, na watoto wa Embu adabu wanafunzwa nyumbani kabla ya kwenda shule. Hata mtoto asiyekuwa na adabu anajua kwamba katika karatasi ya dini jibu la upole ndilo sahihi.

Njia aliyoifikia mwishowe ilikuwa na kazi zaidi, na ndiyo inayofaa kuelezwa polepole. Kabla ya kutunga chochote, aliandika kiini cha mfano kwa sentensi moja isiyo na mfalme, fedha wala gereza: mtu aliyesamehewa jambo kubwa anakataa kusamehe jambo dogo la aina hiyohiyo. Sentensi hiyo ina viungo vitatu. Kuna msamaha uliopokewa, kuna msamaha ulionyimwa, na kuna pengo kati ya ukubwa wa kosa la kwanza na la pili. Jibu sahihi lazima liwe na vyote vitatu. Kila jibu la mtego likose kimojawapo, huku likivaa nguo za mfano wenyewe: deni, hasira, mashtaka.

Swali lake moja, ambalo awali lilikuwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili lingesomeka hivi. Ni nani kati ya hawa anafanana zaidi na mtumwa katika Mathayo 18?

A. Mama anayekataa kumkopesha jirani pesa kwa sababu hakulipa mkopo wa kwanza.

B. Mkulima anayempeleka mwenzake kwa chifu kwa deni la shilingi 200.

C. Mvulana aliyevunja dirisha la shule akasamehewa, kisha anataka mwenzake aadhibiwe kwa kuchafua daftari lake.

D. Mwenye duka aliyemaliza kulipa mkopo wake kwa taabu, sasa anawadai wateja wake kwa ukali.

Wote wanne ni wagumu wa moyo, kwa hiyo adabu pekee haimsaidii mtoto. Mama wa A na mkulima wa B hatuambiwi kwamba waliwahi kusamehewa lolote. Mwenye duka wa D yuko karibu zaidi, kwa kuwa naye alikuwa na deni, lakini alililipa. Aliyebaki ni mvulana wa C, ambaye kisa chake hakina hata senti moja. Anayetafuta maneno ya Biblia atavutwa na A, B na D, maana ndiko kuliko na madeni. Anayetafuta uhusiano wa mambo atafika C. Mwalimu wa shule jirani alilipinga swali hilo kikaoni, akasema mfano ni wa deni na jibu lazima liwe na deni. Pingamizi hilo lilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu lilionyesha mtego ulipo na kwamba hata mtu mzima hunaswa.

Kujua kama swali limefanya kazi hakukuhitaji mashine. Baada ya kusahihisha, alipanga karatasi za darasa zima kuanzia alama ya juu hadi ya chini, akachukua kumi za juu na kumi za chini, akahesabu waliochagua kila herufi. Tuseme wanane wa juu wamepata na watatu wa chini wamepata: swali linatenganisha. Wakilingana, halipimi kitu. Na wa juu wakikosa kuliko wa chini, basi mara nyingi kuna jibu la pili linaloweza kutetewa, na wanafunzi makini ndio walioliona. Aliangalia pia herufi ambayo hakuna aliyeichagua. Hiyo ni nafasi iliyopotea, kwa kuwa swali la majibu manne limegeuka la matatu.

Alipohamia upande wa Meru, Timau ilimfundisha jambo ambalo Embu haikumfundisha. Ni nchi ya mashamba makubwa ya ngano kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na huko alitunga swali kuhusu mfano wa magugu katika Mathayo 13: kwa nini mwenye shamba alikataza watumishi kung'oa? Watoto wa Timau walilielewa upesi. Walijua kwamba yapo magugu ambayo yakiwa machanga huwezi kuyatofautisha na ngano. Swali hilohilo lilipofika kwa mwenzake aliyefundisha Siakago, katika ukame wa Mbeere ambako watu hulima mtama na ndengu, watoto wengi walisema mwenye shamba alikuwa mzembe. Kwao kupalilia mapema ni wajibu wa kila asubuhi, na hawajawahi kuona shamba la ngano. Walikuwa wamekosa ujuzi wa zao. Tangu hapo aliongeza sentensi moja juu ya swali, ikieleza kwamba mimea hiyo miwili hufanana hadi itoe masuke, ili anayepimwa asibebeshwe mzigo wa kilimo.

Lugha ilikuwa mzigo mwingine. Swali la kisa ni refu kuliko swali la nambari, na mtoto aliyesoma Kiingereza kwa shida alichoka kabla ya kufika D. Mwalimu alikuwa akimwita kando mtoto aliyekosa na kumsomea swali kwa sauti, akilieleza kwa Kimeru. Akipata kwa kusikia alichokosa kwa kusoma, swali ndilo linalohitaji kukatwa. Hapo ndipo alipoanza kuandika majibu yake kwa sentensi moja moja, yote kwa urefu unaokaribiana, maana watoto walikuwa wameshagundua kwamba jibu refu ndilo la mwalimu.

KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeleta tathmini ya KPSEA kwa gredi ya sita tangu 2022, nayo pia ina maswali ya kuchagua jibu. Walimu vijana wa Embu na Meru humpelekea mstaafu huyo maswali yao kwa simu. Anachorudisha mara nyingi ni swali moja: jibu lako la mtego limekosa kiungo gani?

Tatizo ambalo hajalipatia dawa ya kudumu ni vitabu vya marudio. Kisa cha mvulana na dirisha kikishachapishwa humo na jibu lake nyuma, mwaka unaofuata mtoto anakumbuka dirisha kama wazazi wake walivyokumbuka talanta elfu kumi. Kwa hiyo viungo vitatu hubaki, na watu hubadilishwa kila muhula. Katika toleo la karibuni, dereva wa bodaboda anasamehewa na mwenye pikipiki aliyoigonga ikaharibika kabisa, kisha anamkataza utingo wa matatu asipite mbele yake kwa sababu alimrushia matope. Walimu wawili wa Nkubu walilijaribu, na swali likarudi na alama ya kuuliza kando ya B, ambako wanafunzi wao bora watatu walikuwa wameangukia. Sasa wanaliandika upya.