Alama moja tu ya hatari

Jioni moja, adrese ya Gmail ya kikundi chetu cha akiba ilipokea mesaji yenye kichwa “Alerte de sécurité”: mtu ameingia kwa ordinatere ya Windows, upande wa Kinshasa. Sisi tuko Bukavu, na tunaotumia adrese hiyo ni wamama watatu tu, sote kwa simu. Hakuna mesaji iliyopotea, wala hakuna aliyeombwa pesa kwa jina letu. Lakini humo mna majina ya wamama wote, namba zao za simu na hesabu ya kila mmoja.

Hatukubonyeza kitu ndani ya mesaji ile, kwa sababu wezi nao huandika za namna hiyo. Tulifungua konti yenyewe: ile picha ya mviringo juu, “Gérer votre compte Google”, “Sécurité”, kisha “Vos appareils”. Windows ilikuwa kwenye orodha. Basi habari ilikuwa ya kweli.

Kinshasa haikututisha sana. Google hukisia mahali kwa kufuata njia ya mtandao, na mtu aliye Bukavu anaweza kuonyeshwa yuko mji wa mbali. Kilichotusumbua ni ile Windows. Tuliulizana: nani alifungua adrese kwenye sekretariati publiki ili kuchapisha karatasi? Kila mmoja alisema si yeye.

Tukatafuta alama nyingine. Mesaji zilizotumwa, zilizofutwa, namba ya simu ya kurudishia konti: vyote vilikuwa sawa. Kisha tuliazima ordinatere ya binti wa mweka hazina, kwa maana simu haionyeshi kila kitu, tukaangalia “Filtres et adresses bloquées” na “Transfert et POP/IMAP”. Hapo ndipo mwizi huagiza nakala za mesaji zimfikie kimya kimya. Hapakuwa na kitu, tukajitoa.

Hata hivyo, anayesoma tu bila kugusa anaweza asiache alama. Kwa hiyo tuliamua: wasiwasi wa kutosha kubadilisha kufuli, si wa kuwatisha wanamemba. Tuliitoa mashini ile kwa “Se déconnecter”, tukabadilisha neno la siri, tukawasha “Validation en deux étapes”. Sasa anayeingia kwa mashini mpya anaombwa kodi inayofika kwenye simu ya mweka hazina. Simu hiyo ikipotea, kuna kodi 10 za akiba, kila moja ya mara moja tu. Tumeziandika kwenye karatasi na kuziweka ndani ya kasha lenye kufuli tatu.

Namba ya siri ya pesa za simu hatukuigusa, kwa kuwa haifanani na lile neno la zamani wala haikuandikwa humo. Ingefanana, tungeanza nayo.

Kila mkutano, mweka hazina anafungua “Vos appareils” mbele yetu na kuhesabu: simu tatu. Siku ya nne itakapoonekana bila mmoja wetu kuijua, hatutaulizana tena kama ni jambo la kuhofia.